Sloti mpya hazilipi zaidi, zinakata malipo vipande vidogo

Miaka michache iliyopita, ukitaka kucheza sloti hapa Moshi ulilazimika kulifuata dubwi lilipo. Lilikaa kona ya baa, Majengo au Pasua, limefungwa mnyororo, taa zinawaka, na watu wamesimama nyuma ya aliyekalia kiti wakimshauri. Siku hizi kijana wa bodaboda anaegesha pikipiki kivulini karibu na stendi, anatoa simu, na mchezo uko mkononi kabla abiria hajafika. Pamoja na kuhama huko kumeingia kauli ambayo nimeisikia kijiweni, saluni, na hata kwa watu wazima wenye maduka yao Mbuyuni: hizi sloti za simu zinatoa, tofauti na yale madubwi yaliyokuwa yanameza tu. Wanaosema hivyo hawaongopi kuhusu walichokiona. Kwenye mchezo wa kisasa, kwa wastani kila baada ya spini tatu au nne simu inalia na namba inapanda. Wanakosea kwenye tafsiri. Kupiga mara nyingi na kulipa zaidi ni mambo mawili tofauti, na namna michezo hii ilivyoundwa, la kwanza linaweza kuongezwa karibu kadiri mbunifu anavyotaka bila kuongeza shilingi moja kwenye la pili.

Naomba msomaji anivumilie niingie ndani ya hesabu, kwa sababu jambo lenyewe limejificha humo. Mchezo wowote wa sloti una maswali matatu ambayo watu huyachanganya kuwa moja. Kati ya spini 100, ni ngapi zinarudisha chochote? Kati ya hizo, ni ngapi zinarudisha zaidi ya dau ulilotoa? Na ukijumlisha madau yote ya wachezaji wote kwa muda mrefu, sehemu gani inarudi kwao? Hili la tatu ndilo linaloandikwa kwenye ukurasa wa maelezo ya mchezo kwa herufi RTP, kwa mfano 95%. Swali la kwanza ndilo macho na masikio yanalijibu mchezo unapoendelea. Swali la pili ndilo mfuko unalolijibu, na ni nadra kukuta limeandikwa popote.

Mashine za mwanzo zilikuwa rahisi kuzielewa. Ile ya Charles Fey kule San Francisco, mwishoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa na safu tatu zinazozunguka na laini moja tu ya malipo, ile ya katikati. Picha zikijipanga kwenye laini hiyo kama jedwali la malipo linavyosema umepata, zisipojipanga umekosa. Tuchukue mfano wa namna hiyo, nauunda mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi: kila safu ina picha 10 tofauti, kila picha ina nafasi sawa ya kusimama kwenye laini, na unalipwa tu picha tatu zikifanana. Mipangilio inayowezekana ni 10 mara 10 mara 10, yaani 1,000, na yenye picha tatu zinazofanana ni 10 tu. Utapata mara moja katika spini 100. Ukiwa unacheza kwa dau la shilingi 1,000 na mchezo unarudisha 95%, basi ile mara moja unayopata lazima ikulipe shilingi 95,000 kwa wastani, maana ndiyo pekee inayobeba marejesho yote ya spini 100. Mchezo wa hivyo unachosha. Spini 99 za ukimya ni nyingi, na mtu wa kawaida mtaji wake unakwisha kabla hajaiona ile moja.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza laini. Skrini ya safu tano na mistari mitatu ina nafasi 15, na juu yake unaweza kuchora laini 20, nyingine zilizonyooka, nyingine zenye umbo la V, nyingine zinazopanda na kushuka kama ngazi. Mchezaji analipia kila laini. Dau la shilingi 1,000 kwa laini 20 maana yake ni shilingi 50 kwa kila laini, na hapa ndipo mambo yanapogeuka bila mtu kutangaziwa. Jedwali la malipo likisema picha tatu za embe zinalipa mara 5, ni mara 5 ya zile shilingi 50. Embe tatu zikikaa kwenye laini moja, simu italia, laini itang'aa, na maandishi yatasema umeshinda 250. Ulitoa 1,000. Umepoteza 750, na umepongezwa. Kwenye mashine ya laini moja jambo hili lilikuwa halina nafasi, maana malipo ya mara 5 yalikuwa mara 5 ya kila ulichotoa. Kinacholiwezesha ni kule kununua laini nyingi kwa pamoja, halafu ushindi wa laini moja ukasherehekewa kana kwamba zile 19 zilizokufa hukuzilipia.

Dawa ya pili iliziondoa laini kabisa. Ndiyo inayoitwa njia za kushinda. Sheria yake ni kwamba picha haihitaji kukaa kwenye mstari wowote maalumu, inatosha ionekane popote kwenye safu zinazofuatana kuanzia kushoto. Safu tano zenye nafasi tatu kila moja zinatoa njia 3 mara 3 mara 3 mara 3 mara 3, yaani 243. Turudi kwenye mfano wetu wa picha 10. Safu ya kushoto inaonyesha picha tatu, na moja ni embe. Nafasi ya embe kuwa miongoni mwa picha tatu za safu ya pili ni 3 kwa 10, na safu ya tatu vivyo hivyo, kwa hiyo zote mbili kwa pamoja ni 9 kwa 100. Safu ya kushoto ina picha tatu zenye bahati hiyohiyo, hivyo tunafika kama 27 kwa 100, na ukitoa spini ambazo picha mbili zimepata kwa pamoja, unabaki na kama 26. Kutoka mara 1 kwa 100 hadi mara 26 kwa 100, na hakuna picha hata moja iliyobadilishwa kwenye safu. Kilichobadilika ni kanuni ya kusoma skrini.

Kabla sijaendelea, kuna udanganyifu wa namba ambao nadhani kila anayecheza anapaswa kuujua. Ile 243 inahesabu njia zinazofika hadi safu ya tano. Lakini ushindi mwingi unaishia safu ya tatu, na hadi hapo njia ni 3 mara 3 mara 3, yaani 27 tu. Michezo yenye jina la Megaways, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Big Time Gaming ya Australia, inatangaza hadi njia 117,649. Namba hiyo ni 7 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, yaani safu sita zikiwa zote zimejaa picha saba. Lakini idadi ya picha kwa kila safu inabadilika kila spini, kwa hiyo kilele hicho kinafikiwa kwa nadra, na hata kikifikiwa, ushindi wa picha tatu una njia 343. Mtu anayesoma 117,649 akadhani ana tiketi 117,649 za bahati nasibu amesoma namba ambayo ushindi wake wa kila siku hauigusi.

Sasa nani analipia ule mruko kutoka 1 hadi 26? Mchezaji mwenyewe, kwa kupunguziwa malipo. Kampuni haijaacha sehemu yake. Marejesho yamebaki 95%, yaani kwa spini 100 za shilingi 1,000 zinarudi 95,000 kwa wastani. Zikigawanywa kwa spini 26 badala ya moja, wastani unashuka hadi kama 3,650. Ingekuwa hivyo kweli, ingekuwa nafuu, kila ushindi ungekuwa mara tatu na zaidi ya dau. Lakini hakuna mbunifu anayegawa sawasawa, kwa sababu mchezo unahitaji pia ndoto ya hela kubwa. Tuseme 35,000 zinatengwa kwa ajili ya spini za bure, ambazo huja kwa wastani mara moja katika spini 200. Zinabaki 60,000. Tuseme ushindi mkubwa kiasi mara mbili unachukua 36,000, na ushindi mdogo wa kweli mara nane unachukua 17,600. Hapo zimebaki shilingi 6,400 kwa spini 16, wastani wa shilingi 400 kila moja. Mgawo huu nimeutunga, michezo inatofautiana, ila sura yake ndiyo hii: spini 26 zimeshangiliwa, 10 tu zimezidi dau, na ambaye bahati ya spini za bure haikumfikia ametoka na hasara ya 40,000 huku kumbukumbu yake ikimwambia alikuwa anapata pata.

Mporomoko ndio safu ya juu ya ujenzi huu, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko vyote. Picha zilizoshinda zinalipuka na kutoweka, zilizo juu zinadondoka kujaza nafasi, mpya zinaingia kutoka juu, na zikifanana tena unalipwa tena bila kutoa dau jingine. Watu wanaiita spini ya bure ndani ya spini. Angalia kinachotokea kwa hesabu. Mporomoko hauanzi mpaka uwe umeshapata kwenye mdondoko wa kwanza, kwa hiyo idadi ya spini zinazotoa kitu haiongezeki hata kidogo. Zilikuwa 26, zinabaki 26. Kinachoongezeka ni idadi ya shangwe. Kama kila mdondoko mpya una nafasi ya karibu robo ya kupiga tena, zile 26 zitazaa 7 hivi, hizo zitazaa nyingine kama 2, na jumla utasikia simu ikilia mara 35 hivi kwa spini zilezile 100. Fedha ni zilezile 95,000, sasa zimekatwa kwa vipande 35. Na michezo mingi inaweka kizidisho kinachopanda kadiri mporomoko unavyoendelea, mara 2, mara 3, mara 5. Kizidisho hicho kinavutia, lakini kinazidi kuvuta fedha kuelekea minyororo mirefu ambayo ni adimu. Kwa nafasi ya robo, kupiga mara nne mfululizo ndani ya spini moja ni kama mara 1 katika 256. Ili kuilipia hiyo moja, mdondoko wa kwanza, ule unaoupata kila mara, lazima ulipe kidogo zaidi.

Nilitaka kuona jambo hili likitokea mbele ya macho, basi siku moja mchana nilimwomba dogo mmoja wa kijiweni, ambaye tunafahamiana kwa sababu hunibebea mizigo kutoka sokoni, anikubalie nikae pembeni na daftari wakati anacheza. Aliweka shilingi 20,000 na dau la 500. Nilimwambia acheze spini 40, asibadilishe dau. Mimi nilikuwa naandika salio kila baada ya spini, siangalii kitu kingine. Spini mojawapo ilikuwa na miporomoko mitatu, iliporomoka 100, ikafuata 75, ikafuata 125, sauti ikipanda ngazi kila mara, na yeye akawa ameinua simu karibu na uso. Jumla ilikuwa 300. Alikuwa ametoa 500. Akanigeukia akasema, "Mangi, unaona inavyoanza kufunguka?"

Mwisho wa spini 40 nilimuuliza, kabla hajatazama salio, amepata mara ngapi. Akasema kumi na moja, labda kumi na mbili. Macho yake yalikuwa sahihi, daftari lilionyesha 11. Kati ya hizo, 7 zilikuwa chini ya dau: 75, 100, 125, 150, 200, 250 na ile 300, jumla yake shilingi 1,200. Zilizozidi dau ni 4: 600, 850, 1,500 na 4,500. Jumla ya kila kilichorudi ilikuwa 8,650, na hiyo ndiyo salio lililobaki kutoka 20,000. Alikaa kimya, akahesabu mwenyewe upya kwa kidole. Niseme wazi kwamba spini 40 hazipimi mchezo, na salio lile halithibitishi kwamba kampuni ilimwibia. Spini 40 nyingine zingeweza kumrudishia yote. Nilichokuwa napima ni umbali kati ya alichohisi na kilichotokea, na umbali huo ulikuwa mara 11 dhidi ya mara 4.

Umbali huo umechunguzwa na watafiti. Mike Dixon, Kevin Harrigan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Ontario, Kanada, walichapisha mwaka 2010 utafiti walioufanya kwa watu wanaocheza mashine za laini nyingi, wakipima mabadiliko ya unyevu wa ngozi, ambao hupanda mwili unaposisimka. Waligundua kwamba marejesho yaliyo chini ya dau yalisisimua mwili kwa namna iliyofanana na ushindi wa kweli, na tofauti na kukosa kwa kawaida. Wakayapa jina la hasara zilizovaa nguo za ushindi. Kazi zilizofuata kutoka kundi hilo zilionyesha kwamba wachezaji hukumbuka wamepata mara nyingi kuliko walivyopata, na kwamba ukibadilisha sauti, hasara ya namna hiyo ikalia kama hasara, makadirio yao yanasogea karibu na ukweli. Hili la sauti ndilo linalonishika zaidi. Linamaanisha kosa haliko kwenye akili ya mchezaji. Limewekwa kwenye spika.

Zipo hoja za upande wa pili na nyingine zina uzito. Ya kwanza inasema ushindi mdogo wa mara kwa mara unafanya mtaji udumu. Hili lina ukweli wake: mwenye 20,000 kwenye mchezo wa laini moja tuliouanza nao angeweza kuimaliza yote kwa dau 20 bila kuona chochote, na nafasi ya kutokewa na hilo ni zaidi ya 80 kwa 100. Vipande vidogo vinampa muda. Kama mtu analipia muda wa burudani, kama anavyolipia meza ya pool, amepata alichonunua. Ila isichukuliwe kwamba mchezo unaopiga mara nyingi ni mpole. Michezo ya njia nyingi yenye mporomoko ni miongoni mwa mikali kabisa, maana fedha nyingi zimefungiwa kwenye minyororo mirefu na spini za bure ambazo wengi hawazifikii. Inapiga kila baada ya spini nne, na bado inaweza kumaliza mtaji mchana mmoja. Ukali wa mchezo unatokana na mahali fedha kubwa ilipofichwa, na vipande vya shilingi 100 haviubadilishi.

Hoja ya pili ni nzuri zaidi na nadra kusikika: mporomoko unachukua muda, kwa hiyo unapunguza idadi ya spini kwa saa. Kwa marejesho ya 95%, kila spini ya shilingi 1,000 inagharimu shilingi 50 kwa wastani. Spini 600 kwa saa ni 30,000, spini 400 ni 20,000. Mporomoko ukichelewesha mchezo kiasi hicho, umempunguzia mchezaji theluthi ya gharama. Naikubali hesabu hiyo. Lakini michezo mingi inakuja na kitufe cha kuharakisha, na aliyezoea akiona dogo mwenzake anakitumia, naye anakitumia, na faida yote ya ucheleweshaji inaondoka huku vipande vikibaki vilevile.

Dhaifu kuliko zote ni hoja kwamba njia nyingi ni nafasi nyingi za kutoka na faida. Nimeshaonyesha namba 243 na 117,649 zinavyovimba, lakini hata zingekuwa halisi, hoja ingebomoka kwa jedwali la malipo. Fungua mchezo wowote wa njia 243, weka dau la 1,000, kisha ingia ukurasa wa maelezo. Utakuta picha za chini kwa tatu zinalipa pengine shilingi 50 au 100 kwa njia. Zinahitajika njia kumi au ishirini kwa wakati mmoja ili urudishe ulichotoa. Tena kwenye dubwi la laini uliweza kupunguza laini: ukacheza moja kwa shilingi 50, ukapata mara chache, na kila ulichopata kikawa ushindi wa kweli. Asilimia ya marejesho kwa kawaida inabaki ileile, ila hasara iliyovaa nguo za ushindi inatoweka. Kwenye mchezo wa njia, kwa kawaida chaguo hilo halipo. Unanunua zote au huchezi, na kile kitufe kilichomwezesha mchezaji kuona hali yake sawasawa kimeondolewa kwa jina la kumwongezea nafasi.

Anayetaka kujua mchezo wake uko wapi ana njia ya uhakika kuliko kuuliza wenzake. Aandike salio, acheze kwa dau moja lisilobadilika, na kwa kila spini aweke alama moja tu kati ya tatu: salio limepanda kuliko lilivyokuwa kabla ya kubonyeza, limebaki lilivyokuwa au limeshuka kwa chini ya dau, au limeshuka kwa dau zima. Alama za katikati zikizidi za kwanza, anajua shangwe zinatoka wapi. Michezo mingi ina toleo la majaribio lisilotumia fedha, na zoezi hili linaweza kufanyika humo bila kupoteza kitu. Pia asome RTP ndani ya mchezo aliofungua kwenye simu yake, maana watengenezaji wengi hutoa mchezo uleule kwa viwango kadhaa vya marejesho, na mwendeshaji ndiye anayechagua kipi aweke. Namba iliyo kwenye tovuti ya nje inaweza isiwe ya mchezo anaoucheza hapa.

Lakini sioni haki mzigo wote ukabebwa na mtu mwenye daftari. Uingereza, tangu tarehe 31 Oktoba 2021, sloti za mtandaoni haziruhusiwi kutoa sauti au picha za kushangilia pale malipo yanapokuwa sawa na dau au chini yake, na spini moja haiwezi kuwa chini ya sekunde 2.5. Hapa kwetu Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayotoa leseni kwa waendeshaji, na ndiyo mahali pa kupeleka dai kama hilo. Nikiitwa kutoa maoni, ningeomba mambo mawili. Skrini ioneshe tofauti kati ya dau na malipo, yaani baada ya embe tatu isomeke hasara 750 badala ya ushindi 250. Na kanuni ya kutoshangilia iandikwe kwa spini nzima, isiandikwe kwa mdondoko mmoja mmoja.

Hilo la mwisho litapingwa, na pingamizi lenyewe nalijua: mporomoko bado unaendelea, mchezo utajuaje kama spini itaishia chini ya dau mpaka picha za mwisho zitulie? Unajua. Kwenye sloti za mtandaoni matokeo kwa kawaida yanaamuliwa kwenye seva pale unapobonyeza, miporomoko yote ikiwemo, na kinachofuata ni uchoraji. Ile spini ya dogo, yenye 100, ikafuata 75, ikafuata 125, ilikuwa imeshakuwa hasara ya shilingi 200 kabla picha ya kwanza haijadondoka, na mchezo ukaamua kuipandishia sauti.